Ujumbe wa Kiingereza kuhusu usafi wa nyumba: ukisikika kama amri, kasoro iko wapi?

Siku hizi si jambo la ajabu Unguja kumkuta kijana anayefanya kazi hotelini akikaa fleti moja na mgeni aliyekuja kusoma Kiswahili au kufundisha kupiga mbizi. Kodi wanagawana nusu kwa nusu, na hapo hapana tatizo. Tatizo huja kwenye ufagio, karo la vyombo na mapipa ya maji, kwa sababu saa za kazi hazilingani na mazungumzo mengi hupita kwenye kikaratasi kinachobandikwa mlangoni mwa friji. Aliyekiandika anajua kwamba hakutukana, na pengine hata sarufi yake haina kosa kubwa, lakini mwenzake akishakisoma nyumba inapoa.

Mwongozo huu unakishughulikia kikaratasi kimoja cha namna hiyo. Mfano ni wa kubuni. Mwandishi tumwite Salma, anayekaa mapokezi katika hoteli moja ya pwani. Mwenzake tumwite Emma, Mwingereza aliyekuja kujifunza Kiswahili katika chuo kikuu cha SUZA na ambaye bado yuko kwenye somo la kuamkiana, ndiyo maana ujumbe ukaandikwa kwa Kiingereza. Salma aliandika hivi:

```
Dear Emma,
You never clean the kitchen. Please wash your dishes
every night because ants are coming. From now you must
sweep on Monday, Wednesday and Friday and I will do the
other days. You should also fill the drum when the water
comes. I will remove the rubbish.
Kindly do as I have said.
Salma
```

Kabla ya kuanza kuukosoa, ni haki kusema kwamba Salma hakudhulumu. Ukihesabu siku utaona kwamba amejipa nne za kufagia na Emma tatu, tena taka amezichukua yeye. Mgao ni wa haki, na mwenzake angeambiwa hayo ana kwa ana kwa Kiswahili, kwa uso wa kawaida na sauti ya kawaida, asingepata neno la kulalamikia. Kilichoharibika ni namna ombi lilivyofungwa, na kasoro zake zinaweza kutambulika moja moja kwa kuangalia jibu alilolitoa msomaji.

Jibu ni "Fine." au "Noted." peke yake

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na inafaa tukae nayo. Jibu la neno moja lenye nukta mwishoni maana yake kwa kawaida ni kwamba msomaji amejiona ameamrishwa, ameamua kutogombana, lakini hakupenda. Chanzo cha kwanza kinapatikana katika sentensi ambayo Salma aliiona ya heshima kabisa: "Please wash your dishes every night."

Katika Kiswahili heshima ya ombi hukaa ndani ya kitenzi chenyewe. Tunasema "naomba uoshe vyombo", na ile irabu ya mwisho inayogeuka kutoka "osha" kuwa "uoshe" tayari imeshaipunguzia amri makali yake, hata kabla ya kutia "tafadhali" au "mwenzangu". Kitenzi cha Kiingereza hakina mwisho wa namna hiyo. "Wash" ni "wash" tu, na ukiitanguliza "please" unapata amri iliyovaa kanzu nzuri, ambayo bado ni amri. Umbo hilo la "please" pamoja na kitenzi kitupu ndilo linaloandikwa kwenye vibao vya hoteli na kuta za ofisi, kule ambako anayeandika ana mamlaka juu ya anayesoma. Emma anapolikuta kwenye friji ya nyumba anayoilipia nusu ya kodi, anajihisi mpangaji wa Salma.

Hapa lipo jambo linalowachanganya wanafunzi wengi wa Kiingereza, kwa sababu wanawasikia Waingereza wenyewe wakitumia kitenzi kitupu bila kuonekana wakorofi. Mgeni akifika mlangoni huambiwa "Come in, sit down, have some tea", na hakuna anayekasirika. Tofauti ni nani anayefaidika. Kitenzi kitupu hakina ubaya pale kinapomkaribisha mtu kwenye jambo la faida yake mwenyewe, au pale kinapoomba kitu kidogo cha papo hapo, kama kupitishiwa chumvi mezani. Mzigo ukiwa ni wa msomaji na faida ikawa ya mwandishi, au kazi ikawa ya kila siku, Kiingereza hukimbilia kwenye swali. Kwa hiyo kipimo ni hiki: soma sentensi yako, ujiulize ni nani atakayesimama kwenye karo. Kama ni msomaji, geuza sentensi iwe swali.

Maswali yenyewe yana ngazi, na si lazima kuzijua zote. Kwa jambo dogo la mara moja, "Could you fill the drum?" inatosha. Kwa jambo ambalo mnataka kulipanga pamoja, "Do you think we could rinse our dishes before bed?" ni bora zaidi, kwa kuwa inamuuliza mwenzako rai yake na kumweka mwandishi ndani ya kazi hiyo hiyo. Kwa jambo lenye uzito kidogo, ambalo linaweza kumgusa mtu, iko "I was wondering if we could share the sweeping." Wengi huiogopa hii ya mwisho kwa sababu ya "was", wakidhani inasimulia ya jana. Haisimulii ya jana. Ni sawasawa na sisi tunaposema "nilikuwa na ombi moja" au "nilikuwa nataka nikuulize", ilhali tunaomba sasa hivi. Wakati uliopita unalisogeza ombi mbali kidogo na uso wa mtu, na msomaji anapata nafasi ya kukataa bila ya kumwaibisha aliyeomba.

Chanzo cha pili cha jibu la "Fine." ni "must". Salma alikuwa na "inabidi" kichwani, na "inabidi" ya Kiswahili inaweza kutoka kwa yeyote, hata kwa mvua. "You must" katika kikaratasi hutoka kwa mwandishi mwenyewe, ni yeye anayelazimisha. Kama kweli ipo lazima, isitoke kwako, iache itoke kwenye hali ya mambo. Sisimizi wameingia karoni, hiyo ni hali, na inajieleza yenyewe. "Should" nayo, ingawa vitabu vingi huiita ushauri, ikitumwa kwa mtu kuhusu vyombo vyake husomeka kama lawama, yaani ulitakiwa uwe umeshafanya. Inafaa kuionya pia "You had better wash them", ambayo haimo katika ujumbe wa Salma lakini hupendwa na wale wanaoitafsiri kutoka "afadhali uvioshe". Afadhali yetu ni laini. Ile yao hubeba kitisho, kwamba usipofanya kutakuwa na matokeo.

Jibu linabishana: "I cleaned it on Sunday"

Ukipata jibu la namna hii, usihangaike na "please" wala "could". Tazama kama uliandika "never" au "always". Sentensi "You never clean the kitchen" inadai kwamba hapana hata siku moja, na mtu anayeshtakiwa kwa madai makubwa kiasi hicho hukimbilia siku moja aliyowahi kufanya na kuishika. Emma alipiga deki Jumapili, basi madai yote yameanguka, na mjadala umehama kutoka kwenye sisimizi kwenda kwenye nani mkweli.

Matengenezo yake ni kuiondoa "you" kwenye sentensi ya malalamiko na kuandika kile kilichoonekana, siku kilipoonekana: kulikuwa na sahani karoni, sisimizi wamezipata. Kwa Kiingereza hiyo inakuwa "The ants found last night's plates in the sink." Angalia kwamba mtendaji ni sisimizi, na sahani hazikutajwa ni za nani. Emma anajua ni zake. Kumwachia alijue mwenyewe ni adabu ambayo sisi huku tunaifahamu sana, maana hakuna anayemwambia jirani kwamba kuku wake ndio waliofukua bustani, husema tu kwamba bustani imefukuliwa, na jirani akishasikia atafunga kuku.

Neno "your" katika "your dishes" nalo lina kazi yake mbaya hapa. Likiwa peke yake si kosa, lakini baada ya "You never" linakuwa kidole cha pili kinachonyooshwa. "Our dishes" au "the dishes" humaliza tatizo hilo.

Jibu linauliza: "Are you angry with me?"

Hapa msomaji hakugombana na ombi. Ameshtushwa na ubaridi wa maandishi, na ubaridi huo kwa kawaida unakaa mwanzoni na mwishoni.

"Dear Emma" ni mwanzo sahihi wa barua, na ndio uliofundishwa skuli. Lakini kwa mtu aliyelala chumba cha pili, kwenye kikaratasi cha mistari michache, unaonekana kama taarifa rasmi inayofuatiwa na onyo. "Hi Emma" ndio wa kawaida kati ya watu wanaokaa pamoja. Si lazima kuweka salamu ndefu kama tunavyofanya sisi, ya kuuliza hali, kazi na jamaa wa nyumbani, kwa kuwa msomaji Mwingereza akiikuta aya ya salamu juu ya kikaratasi cha jikoni huanza kujiuliza ni habari gani mbaya inakuja.

Mwishoni tatizo ni kubwa zaidi. "Kindly" katika Kiingereza cha ofisi za Afrika Mashariki ni neno la heshima, tunaliandika kwa wakubwa zetu kila siku, na Salma kazini kwake hutuma barua pepe zenye neno hilo bila mtu kulalamika. Kwa aliyekulia Uingereza, "kindly" mbele ya kitenzi kitupu husikika kama sauti ya mtu aliyechoka kuvumilia. Na "do as I have said" haina dawa, ni ya kufutwa yote. Ombi lililokwishaandikwa mara moja halihitaji muhuri chini yake. "Thanks!" na jina la mwandishi vinatosha, na ile alama ya mshangao, ambayo vitabu vya sarufi hutufundisha kuiogopa, katika kikaratasi cha namna hii hufanya kazi ya tabasamu. Moja au mbili katika ujumbe mzima zinatosha. Zikiwa tatu kwa mfululizo baada ya ombi, au maneno yakiandikwa kwa herufi kubwa tupu, tumerudi kwenye kupiga kelele.

Amekubali kwa maneno matamu, lakini hakuna kilichofanyika

Dalili hii mara nyingi hutokea katika jaribio la pili, pale mwandishi aliyeambiwa kwamba alikuwa mkali anapokwenda upande wa pili kabisa. Huandika kitu kama hiki:

```
Hi Emma, I'm so sorry to disturb you. I would be extremely
grateful if you could possibly help a little with cleaning
sometimes, if it is not too much trouble. So sorry again!
```

Anajibiwa "Of course!", na wiki inapita karo likiwa vile vile. Emma si mnafiki. Hakuna alichoombwa. "Help a little with cleaning sometimes" haina siku, haina kazi, haina sahani. Zaidi ya hapo, neno "help" limeshageuza usafi kuwa kazi ya Salma ambayo Emma anamsaidia kwa hisani. Na msamaha mara mbili kwa jambo lisilo kosa, pamoja na "extremely grateful", humfanya msomaji ama aone kwamba jambo ni dogo sana, ama ashuku kejeli.

Kanuni inayofaa ni kwamba ulaini ukae kwenye kitenzi cha ombi peke yake, na kila ombi moja lipate kilainishi kimoja. "Could you" haihitaji tena "possibly" na "please" na "if you don't mind" katika sentensi hiyo hiyo. Siku, saa na vitu vyenyewe visilainishwe hata kidogo. Jumatatu ibaki Jumatatu, pipa la buluu libaki pipa la buluu. Watu wengi hufanya kinyume, wakaficha siku na kuacha amri.

Kwenye mgao wa siku kuna jambo moja zaidi la kutengenezwa. "From now you must sweep on Monday, Wednesday and Friday and I will do the other days" imemtanguliza mwenzake kwenye kazi na kumweka mwandishi nyuma, na "the other days" imeficha kwamba hizo siku nyingine ni nne. Geuza: taja sehemu yako kwanza, kwa majina ya siku, kisha yake, kisha mwachie mlango wa kubadilisha. Kiingereza kina umbo zuri kwa kazi hii, "I could do ... if you took ...", nalo hufanya kazi kama "-nge-" yetu katika "ningefagia siku hizi kama ungechukua zile". Kosa la kuangalia ni kuandika "if you will take" baada ya "could". Hueleweka, lakini pendekezo hugeuka kuwa sharti.

Ujumbe baada ya matengenezo

Tukiyaweka yote hayo pamoja, na tukirekebisha pia vitu vidogo vya lugha, kama "remove the rubbish" ambayo husemwa "take the rubbish out", na "the water comes" ambayo kwa maji ya bomba yenye mgao huwa "the water comes on", kikaratasi cha Salma kinakuwa hivi:

```
Hi Emma,

The ants are back! They found last night's plates in
the sink. Do you think we could both rinse our dishes
before bed?

I was also wondering if we could share the sweeping.
I could do Tuesday, Thursday and the weekend if you took
Monday, Wednesday and Friday. Happy to swap if other
days suit you better.

And if you're still up when the water comes on, could
you fill the blue drum? I'll take the rubbish out.

Thanks!
Salma
```

Umerefuka kidogo kuliko wa kwanza, na hilo si bahati mbaya: swali huchukua maneno mengi kuliko amri. Kila alichokitaka Salma bado kimo ndani yake, vyombo, siku tatu, pipa. Kazi yake mwenyewe ya kutoa taka ameiweka karibu kabisa na ombi la maji, ili Emma aone papo hapo kwamba kila mmoja ameshika upande wake. "Happy to swap" haina "I am" mbele yake, na hiyo ni ruhusa ya kikaratasi. Katika barua ya kazi ingekuwa kasoro, hapa inapunguza urasmi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini "Do you think we could" haikurudiwa mara tatu, ikiwa ndiyo nzuri. Kwa sababu umbo moja likirudiwa huanza kusikika kama fomu. Mimi hupendelea swali zito liende kwenye jambo zito, ambalo hapa ni mgao wa kufagia, na lile jepesi la "could you" liachiwe pipa, ambalo ni suala la anayekesha.

Jibu la "No" lisikutishe

Iko ngazi moja ya ombi ambayo haikutumika hapo juu, nayo ni "Would you mind filling the drum?" Ni nzuri, ilimradi kitenzi kinachofuata kiishie na "-ing", maana "would you mind to fill" ni kosa. Lakini ukiitumia, jiandae na jibu lake. Swali linauliza kama mtu ataona tabu, kwa hiyo anayekubali hujibu "No, not at all!" au "No problem", na asiyejua huichukua "No" ile kuwa kukataliwa, akanuna siku mbili wakati pipa limeshajazwa.

"I'll try" ni hadithi nyingine. Hapo hajakataa, ila hajaahidi, na mara nyingi ina maana kwamba siku uliyoipendekeza haimfai na ameona haya kusema. Badala ya kubandika kikaratasi cha pili, ni bora kumuuliza mnapokutana jikoni: "Would another day be easier?"